Macho ya Maryam yamepona, kusoma bado

Kuna habari inazunguka sana kwenye simu za wazazi siku hizi: kwamba mtoto anayeshindwa kusoma tatizo lake ni macho, na kwamba akifanyishwa mazoezi ya macho kwa miezi michache atasoma kama wenziwe. Wengine wanalitaja tatizo lenyewe kwa jina, disleksia, na wanaahidi kuliondoa. Kazi yangu ni kupima macho, hapa Pemba, na wazazi wananiuliza suali hili kila mara. Nataka kulijibu kwa kirefu, kwa sababu habari hiyo ina ukweli ndani yake, na ukweli huo ndio unaofanya uongo wake uuzike.

Ukweli wenyewe ni huu. Unaposoma kitabu ulichokishika mkononi, macho yako mawili lazima yageuke kidogo kuelekea puani ili yote yatue kwenye neno moja. Wapo watoto ambao macho yao hayawezi kukaa katika hali hiyo. Yanajitahidi, yanachoka, kisha moja linateleza kwenda nje. Hapo neno moja linakuwa mawili, au mistari inapandana, au mtoto anasema herufi zinacheza. Anashikwa na kichwa kwenye paji la uso, anafikicha macho, anapoteza mstari, mwishowe anakifunga kitabu. Huu ni udhaifu wa kweli, unapimika kwa rula, na mazoezi yanautibu. Nimeyaona yakiutibu, na nitaeleza namna yanavyofanywa.

Disleksia ni kitu kingine. Mtoto mwenye disleksia anaiona herufi sawasawa. Kinachomshinda ni kuifunga herufi ile na sauti yake upesi, na kuzipanga sauti hizo ziwe neno. Kazi hiyo inafanyika kwenye ubongo, baada ya macho kumaliza yao. Ugumu unakuja pale mtoto mmoja anapokuwa na matatizo yote mawili, kwa sababu anayeuza mazoezi atakuonyesha tatizo la kwanza, atalitibu, kisha atakwambia ametibu la pili.

Maryam, na hilo si jina lake, alikuwa mtoto wa namna hiyo. Ana miaka kumi, yuko darasa la nne, kwao ni upande wa Micheweni. Aliletwa na bibi yake. Mjomba wake aliyeko Dar es Salaam alikuwa ameshazungumza na kituo kimoja cha huko, na wamemwambia mtoto ana disleksia ya macho, tiba yake ni miezi sita ya mazoezi, nusu mbele yao na nusu kwenye kompyuta. Malipo yalizidi shilingi milioni moja, bila nauli na malazi. Familia ilikuwa inasubiri pesa ya karafuu ili ilipe.

Bibi aliniambia, "Mwanangu, huyu mtoto si mjinga. Juzuu Amma yote kaihifadhi kwa kusikiliza, Maalim wake mwenyewe anamsifu. Lakini mtie kitabu mkononi, utasema skuli hajaiona."

Maneno yale yalinikumbusha kisa cha zamani sana. Mwaka 1896 daktari mmoja wa Uingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za kijana wa miaka 14 mwenye akili timamu, hodari wa hesabu, aliyeshindwa kabisa kusoma. Mwalimu wa kijana yule alisema angekuwa mwerevu kuliko wote skulini laiti masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Na aliyefuatia kuichunguza hali hiyo kwa bidii alikuwa daktari wa macho, James Hinshelwood wa Glasgow. Wazazi walimpelekea watoto wao kwa sababu walidhani, kama wanavyodhani wazazi wa leo, kwamba asiyeweza kusoma haoni vizuri. Yeye aliwapima, akayakuta macho ni mazima, akasema tatizo liko kwenye ubongo. Ni zaidi ya miaka mia sasa.

Nilianza na Maryam kwa vipimo vya kawaida. Chati ya mbali aliisoma mpaka mstari wa chini, kila jicho peke yake. Wazazi wengi huishia hapo, na hata skulini upimaji huishia hapo, lakini chati ya mbali humpitisha mtoto ambaye jicho lake linahangaika kuona karibu. Jicho la mtoto lina nguvu ya kujikaza na kuficha upungufu. Ndiyo maana nilimtia matone yanayolegeza misuli ya ndani ya jicho, tukasubiri yafanye kazi, kisha nikampima tena kwa lenzi. Matone hayo yanawasha kidogo, na mtoto haoni vizuri karibu kwa muda, kwa hiyo kitabu hawezi siku ile. Yanastahili usumbufu huo. Lau ningemkuta na upungufu mkubwa, jibu lingekuwa miwani, na zoezi lolote la macho lingekuwa kumpotezea wakati. Maryam hakuhitaji miwani.

Vipimo vya macho mawili kufanya kazi pamoja, na vya kusoma nitakavyovieleza hapa chini, nilikuwa nimevimaliza kabla ya matone. Nilichukua penseli yenye herufi ndogo iliyobandikwa ubavuni, nikaishika usawa wa pua yake, nikaisogeza polepole kumwendea. Nilimwambia aseme mara tu herufi itakapokuwa mbili. Huku yeye anatazama herufi, mimi natazama macho yake. Kwenye sentimita 14 akasema, "Mbili," na papo hapo nikaliona jicho la kushoto linaachia na kwenda nje. Mtoto wa umri wake anatarajiwa kuifikisha penseli karibu sana na pua, chini ya sentimita 6 hivi, kabla ya macho kuachana. Nikarudia mara kadhaa, maana mtoto akichoka kipimo hubadilika. Maryam kila tukirudia alizidi kuwa mbaya. Kuzorota huko ni dalili muhimu pia.

Kwa hiyo kituo cha Dar hakikudanganya kila kitu. Macho ya Maryam yalikuwa na udhaifu wa kukutana karibu, na ule uchovu na kichwa alichokilalamikia vilitoka huko. Suali lililobaki ni kama huo ndio uliomnyima kusoma.

Hapa ndipo ninapotaka msomaji anifuate kwa makini, kwa sababu kipimo cha kulijibu suali hili hakihitaji mashine. Udhaifu wa macho kukutana unamsumbua mtoto anapotazama karibu, kwa macho mawili. Ukimziba jicho moja, hakuna tena haja ya macho kukutana. Ukiyaandika maneno kwa herufi kubwa ubaoni, mita tatu au nne mbele yake, macho yanakaribia kunyooka na kazi inakuwa nyepesi mno. Basi kama ni macho yanayomzuia kusoma, kwa jicho moja atasoma vizuri zaidi, na ubaoni atasoma vizuri zaidi.

Nilimwandikia maneno 20 anayoyajua, kama bata, meza, nyumba, ng'ombe, na maneno 20 ya kubuni yanayofuata sauti za Kiswahili lakini hayana maana: tabe, zupo, nyeko, mbifa, ng'ula. Ya kubuni ndiyo yanayosema kweli. Mtoto mwenye kumbukumbu nzuri, na Maryam kumbukumbu yake ni ya ajabu, anaweza kulitambua neno "nyumba" kwa umbo lake au kubahatisha kwa kuona herufi ya kwanza. Neno "nyeko" hajapata kulisikia, kwa hiyo lazima alisome kweli.

Kwenye kitabu alisoma maneno 13 ya kawaida, na ya kubuni 4. Nilipomziba jicho moja alisema anaona raha zaidi, lakini ya kubuni yakabaki 4. Ubaoni, kwa herufi kubwa kama kiganja, alipata 5. "Zupo" alilisoma "zuri". "Mbifa" alikaa nalo muda, akasema "ma... ba..." akaacha. Nilimpa chaki ainakili "mbifa" hapo chini yake, akainakili bila kosa hata moja. Aliiona kila herufi mahali pake. Hakuweza kuitoa kwa sauti.

Nikamuuliza mambo ya sauti tupu, bila maandishi. "Ukiondoa ka kwenye kalamu inabaki nini?" Akajibu "lamu" bila shida, kwa sababu silabi za Kiswahili zinakatika kirahisi masikioni. "Ukiondoa sauti ya kwanza ya bata, ukaweka p?" Akanyamaza. Akasema "pa". Nikajaribu na mengine ya namna hiyo, na kila mara alikwama palepale, kwenye sauti moja moja. Hapo macho hayahusiki kabisa.

Bibi aliuliza kuhusu b na d, kwamba Maryam anazigeuza, na huko Dar wamesema hilo ni jicho kuona kinyume. Hakuna jicho linaloona b kama d. Watoto wengi wanaoanza kusoma huzichanganya, kwa kuwa katika maisha yao yote kitu kikigeuzwa upande hubaki na jina lilelile, na herufi ndizo za kwanza kukataa desturi hiyo. Mwenye disleksia hukaa na mchanganyiko huo muda mrefu zaidi kwa sababu jina na sauti ya kila herufi havijashika. Chuoni Maalim alisema Maryam anachanganya bee, tee na thee vilevile, na pale maandishi yanatoka kulia kwenda kushoto.

Yapo madai mengine wazazi wanayosikia: kwamba macho ya mtoto hayajui kufuata mstari, yanaruka ovyo na kurudi nyuma. Madai haya yanaonekana kuwa na ushahidi, kwa kuwa ukiyarekodi macho ya mtoto mwenye disleksia anaposoma, ni kweli yanasimama mara nyingi, yanakaa muda mrefu, yanarudi nyuma. Macho ya msomaji yeyote hayatelezi juu ya mstari. Yanaruka, yanatua kama robo ya sekunde, yanaruka tena. Lakini mpe mtu mzima anayesoma vizuri maandishi magumu ya lugha asiyoimudu, na macho yake yatafanya vituko vilevile. Na mtoto mwenye disleksia ukimpa maandishi mepesi yanayolingana na uwezo wake, macho yake hutulia. Macho yanarudi nyuma kwa sababu neno halijaeleweka. Kumfundisha kufuata vitone kwenye skrini kunamfanya awe hodari wa kufuata vitone.

Pamoja na hayo yote, udhaifu wa Maryam ulihitaji kutibiwa, na tuliutibu. Zoezi la penseli halina gharama. Unaishika penseli urefu wa mkono, unaitazama herufi yake, unaisogeza polepole kuelekea katikati ya macho huku ukihakikisha inabaki moja. Ikiwa mbili, unasimama, unajitahidi kuirudisha kuwa moja, ukishindwa unairudisha nyuma kidogo na kuanza tena. Dakika 15 kwa siku, siku tano kwa juma. Kosa linalotokea nyumbani ni mtoto kuivuta penseli mpaka puani kwa haraka akijivunia kufika, ilhali ilishakuwa mbili tangu katikati ya njia, au ubongo umelizima jicho moja na yeye anaona moja kwa sababu anatumia jicho moja tu.

Ndiyo maana nikaongeza uzi. Ni kamba nyembamba kama mita moja na nusu, ina shanga tatu za rangi tofauti. Upande mmoja unafungwa kwenye kitasa, mwingine mtoto anaushika kwenye ncha ya pua. Akitazama ushanga wa kati, macho yake yakifanya kazi yote mawili, ataona nyuzi mbili zinazokatana palepale kwenye ushanga. Akiona uzi mmoja, jicho moja limezimwa. Nyuzi zikikatana mbele au nyuma ya ushanga, macho hayajatua mahali pake. Kwa njia hii bibi, asiyejua lolote la macho, aliweza kumsimamia kwa kumuuliza, "Zinakatana wapi?" Na kila juma la pili Maryam alikuja kliniki tukafanya mazoezi mengine ya prizimu na lenzi ambayo nyumbani hayawezekani.

Kuja kliniki kuna uzito wake. Mwaka 2008 watafiti wa Marekani walitoa matokeo ya watoto 221 wenye udhaifu huu, wa miaka 9 hadi 17, waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi manne kwa wiki 12. Waliofanya mazoezi kamili mbele ya mtaalamu, na kuyaendeleza nyumbani, asilimia 73 walipona au walipata nafuu kubwa. Waliopewa penseli nyumbani ni asilimia 43, na waliotumia kompyuta nyumbani pamoja na penseli ni asilimia 33. Kundi la nne walikuja kliniki kufanya mazoezi bandia, yaliyotengenezwa yafanane na ya kweli lakini yasiyofanya kazi yoyote machoni, na hao nao asilimia 35 walionekana na nafuu. Tazama hapo: ile kompyuta haikuwazidi waliofanya mazoezi bandia.

Baada ya wiki 12 Maryam aliifikisha penseli sentimita 5. Kichwa kimekwisha, na macho hafikichi tena. Anakaa na kitabu muda mrefu zaidi kuliko zamani, na bibi yake alifurahi sana kuliona hilo. Kama tungesimama hapo, mtu angeweza kurekodi video ya furaha ile na kuiuza.

Nikamrudishia orodha mpya za maneno, za ugumu uleule. Ya kawaida 14. Ya kubuni 5.

Matokeo hayo hayakunishangaza, maana suali hilohilo limeshajibiwa kwa watoto wengi. Watafiti walewale walianzisha utafiti wa pili, uliotolewa mwaka 2019, kwa watoto 311 wa miaka 9 hadi 14, wote wakiwa na udhaifu wa macho kukutana. Theluthi mbili walipewa mazoezi ya kweli kliniki kwa wiki 16, theluthi moja mazoezi bandia, na safari hii walipima ufahamu wa kusoma. Macho ya waliopewa mazoezi ya kweli yaliimarika kuliko ya wenzao. Alama za kusoma zilipanda kwa 3.7 kwa kundi la kweli, na 3.8 kwa kundi la bandia. Kwa maneno mengine, kwa watoto wenye ugonjwa wa macho uliothibitishwa, waliotibiwa na watu wanaoijua tiba hiyo kuliko wengine wote, kuyatibu macho hakukuongeza kitu kwenye kusoma kulinganisha na kutoyatibu. Makundi yote mawili yalipanda kidogo, huenda kwa kuwa watoto wamepata watu wazima wa kuwajali kila juma. Kupanda huko kudogo ndiko kunakozaa shuhuda za wazazi wakweli kabisa.

Vyama vya madaktari wa watoto na wa macho vya Marekani vilishatamka kwa pamoja mwaka 2009 kwamba mazoezi ya macho na lenzi za rangi havina ushahidi wa kutibu disleksia. Miwani za rangi nitazisemea hilo tu.

Maryam sasa anafundishwa sauti. Mwalimu wake wa darasa la kwanza, aliyemfahamu tangu mdogo, amekubali kumchukua baada ya masomo, kidogo kidogo siku nyingi za juma. Wanaanza na silabi mbili tatu, anazisikia, anazikata sauti kwa vidole, anaziandika, anazisoma ndani ya maneno ya kubuni ili asibahatishe. Wamerudi nyuma mpaka mb, nd, ny na ng', ambazo darasani zilipitwa mbio. Kiswahili kinamsaidia mtoto kama huyu, kwa kuwa herufi zake hazibadilibadili sauti, na nimewaambia wajiandae kwa shida zaidi atakapokutana na Kiingereza, ambacho kila neno lina yake. Hata kwa Kiswahili atabaki msomaji wa taratibu kwa muda mrefu. Neno kama "hawakuwasomesha" litamchukua muda ambao mwenzake amekwishamaliza sentensi. Kwa hiyo nimeandika barua kwa mwalimu mkuu kuomba asomewe masuali ya mitihani ya darasani kwa sauti, maana akisomewa anajibu.

Mzazi mwenye mtoto wa namna hii anaweza kuanza nyumbani. Mwandikie maneno ya kubuni, mpe ayasome karibu, ayasome jicho moja limezibwa, kisha uyaandike makubwa na kuyabandika ukutani mbali naye. Sogeza penseli na upime kwa rula ni sentimita ngapi anapoanza kuona mbili. Yaandike hayo, pamoja na kama anashikwa na kichwa anaposoma au hata asiposoma, uyapeleke kliniki ya macho na uombe apimwe kwa matone. Mtoto aliyeanza ghafla kuona mbili, au jicho lililopinda ghafla, au kichwa kinachomwamsha usiku na kutapika, huyo asisubiri mazoezi wala rula, apelekwe hospitali siku ileile. Na atakayekuuzia tiba muulize jambo moja kabla hujalipa: baada ya mazoezi utampima nini, macho yake au kusoma kwake? Kituo kile cha Dar mjomba alikiuliza hivyo kwa simu. Wakamjibu watapima macho. Pesa ya karafuu haikwenda.